Jinsi ya kuandika utangulizi unaojibu swali bila kulinakili: mfano wa insha ya Maji Maji

Habari za wakati huu, na karibu. Leo tunashughulika na aya moja tu ya insha, aya ya kwanza. Chukua kalamu na karatasi, kwa sababu nitakuomba usimamishe video mara mbili tatu uandike mwenyewe kabla sijakuonyesha yangu.

Swali tutakalolifanyia kazi liko hapo kwenye skrini. Nimelitunga mwenyewe, lakini lina sura ya maswali unayokutana nayo kwenye mtihani wa historia:

"Ni kwa kiasi gani imani katika maji ilisababisha wapiganaji wa Maji Maji kushindwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1907? Jadili."

Sasa tazama utangulizi ambao wanafunzi wengi huuandika kwa swali kama hili:

"Vita vya Maji Maji ni vita vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907. Katika insha hii nitajadili ni kwa kiasi gani imani katika maji ilisababisha wapiganaji wa Maji Maji kushindwa na Wajerumani."

Hakuna uongo hapo, na Kiswahili chake ni safi. Lakini weka kidole kwenye sentensi ya pili uilinganishe na swali. Ni swali lilelile, limetanguliwa na "nitajadili". Msahihishaji amefika mwisho wa aya na bado hajui mwandishi anafikiri nini. Je, imani ilichangia sana? Kidogo? Haikuchangia kabisa? Aya haisemi.

Hatua ya kwanza: tafuta swali linakutaka uamue nini. Usianze na neno "jadili". Neno hilo linakuambia utafanya kazi kwa namna gani, halikuambii jambo lenyewe. Jambo lenyewe hapa limebebwa na "kwa kiasi gani". Anayeuliza hivi ameshakupa sababu moja, yaani imani katika maji, na anataka uipime. Huwezi kuipima kitu kimoja peke yake. Lazima uiweke pamoja na sababu nyingine, kisha useme ipi ilikuwa na uzito zaidi. Kwa hiyo jibu lolote linalozungumzia imani tu, hata likiwa refu na lenye tarehe nyingi, halijajibu swali hili.

Swali lingekuwa "Eleza sababu za kushindwa kwa wapiganaji", uamuzi ungekuwa tofauti: hapo ungeamua sababu zako zinaunganaje, na ipi ilizaa nyingine. Lakini tubaki na letu.

Hatua ya pili, na hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: funika karatasi ya maswali. Ifunike kabisa. Halafu jibu kwa mdomo, kama vile mdogo wako amekuuliza nyumbani, "Kwani wale watu walishindwa kwa sababu ya yale maji?" Simamisha video, sema jibu lako kwa sauti, kisha liandike vilevile ulivyolisema.

Mimi ningesema hivi: "Maji yaliwaponza mwanzoni, maana walienda kukabiliana na bunduki wakiwa wazi. Lakini hata baada ya hapo waliendelea kupigana muda mrefu. Kilichowamaliza ni njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vyakula."

Sentensi hizo ni za mazungumzo na hazifai kwenye insha kama zilivyo. Hata hivyo, zina uamuzi ndani yake, na maneno yake hayakutoka kwenye swali, kwa kuwa swali lilikuwa limefunikwa. Ukinakili, mara nyingi ni kwa sababu umeanza kuandika kabla hujajua jibu, na maneno pekee uliyo nayo karibu ni ya mtunga swali.

Hatua ya tatu: geuza jibu hilo la mdomo liwe hoja kuu. Hoja kuu ni sentensi moja, mara chache mbili, inayobeba jibu lako na sababu ya jibu hilo. Yangu inakuwa hivi:

"Imani katika maji inaeleza hasara za miezi ya mwanzo, lakini haielezi mwisho wa vita: kilichowavunja nguvu wapiganaji ni njaa iliyosababishwa kwa makusudi, ikichochewa na kukosekana kwa uongozi mmoja wa kijeshi."

Itazame vizuri. Imekubali kwamba imani ilikuwa na uzito, ikasema uzito huo uliishia wapi, kisha ikataja kilichokuwa kizito zaidi. Hilo ndilo jibu la "kwa kiasi gani", ingawa maneno "kwa kiasi gani" hayamo. Wengine huandika "ilichangia kwa kiasi kikubwa" wakaona wamemaliza. Kiasi kikubwa hakipimiki mpaka useme kikubwa kuliko nini, na kwa wakati gani.

Kuna kipimo kimoja cha hoja kuu: mtu mwenye akili timamu aliyesoma historia hiyohiyo aweze kukupinga. Anaweza kusema, "Hapana, bila ile imani wasingeungana kabisa, na wasingekusanyika kwa wingi mbele ya bunduki, kwa hiyo chanzo cha maafa yote ni maji." Huo ni ubishi wa kweli, na insha yako itakuwa na kazi ya kufanya. Lakini ukiandika "Wapiganaji walishindwa kwa sababu mbalimbali", hakuna wa kukubishia, maana hujasema neno.

Hatua ya nne ni kuhusu maneno yenyewe. Ukiambiwa usinakili swali, usidhani umeambiwa ubadilishe kila neno kwa kisawe chake. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwanafunzi anaona "wapiganaji", anaandika "waasi". Anaona "vita", anaandika "maasi". Anafikiri amebadilisha maneno tu, kumbe amebadilisha upande. "Waasi" ni namna serikali ya kikoloni ilivyowaona watu wa Matumbi, Ungindo na Ungoni. Ukilitumia, umeshatoa hukumu ambayo hukuikusudia, na msahihishaji makini atakuuliza umeipata wapi. Vilevile "kushindwa" si "kuangamizwa".

Kwa hiyo majina na istilahi yaache yalivyo: Maji Maji, Wajerumani, 1905, 1907, imani katika maji. Hayo si mali ya mtunga swali, na hakuna anayekuhesabia kuwa umenakili. Unachobadilisha ni muundo wa sentensi na yale maneno ya jumla. Namna rahisi ya kuyabadilisha ni kuweka tukio mahali pa neno la jumla. Swali linasema "kushindwa". Wewe unajua nini hasa kilitokea? Unajua kwamba tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Unajua kwamba vijiji na maghala ya nafaka vilichomwa. Ukiyaandika hayo, neno "kushindwa" halihitajiki tena, na sentensi imekuwa yako kwa sababu maarifa yaliyomo ni yako.

Hatua ya tano: jenga aya. Hoja kuu yangu naiweka mwishoni. Si sheria, lakini inasaidia, kwa sababu sentensi za mbele zinamfikisha msomaji kwenye jibu. Sentensi hizo zina kazi moja: kuonyesha kwa nini swali lina ugumu. Usianzie mbali. Ukiandika kwamba Afrika ilitawaliwa na wakoloni kwa miaka mingi, umetumia mistari miwili kueleza jambo ambalo lingefaa mbele ya insha yoyote ya ukoloni. Anzia ndani ya vita. Na kama mwalimu wako anataka fasili mwanzoni, itoe kwa sentensi moja fupi, uendelee.

Simamisha video, andika aya yako. Halafu linganisha na hii:

"Wapiganaji walipolishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wengi wao waliamini kwamba dawa iliyoenezwa na Kinjikitile Ngwale kutoka Ngarambe ingewakinga na risasi, na bunduki za rashasha ziliwaua kwa wingi. Hata hivyo, vita havikuishia hapo. Waliobaki waliacha mashambulizi ya waziwazi, wakaingia msituni na kuendelea kupigana hadi mwaka 1907, huku majeshi ya Gavana Götzen yakichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka. Kwa hiyo imani katika maji inaeleza hasara za miezi ya mwanzo, lakini haielezi mwisho wa vita: kilichowavunja nguvu wapiganaji ni njaa iliyosababishwa kwa makusudi, ikichochewa na kukosekana kwa uongozi mmoja wa kijeshi."

Ni sentensi nne. Ya kwanza inaipa imani haki yake. Ya pili na ya tatu zinaonyesha jambo ambalo imani haiwezi kulieleza, yaani kwamba mapigano yaliendelea. Ya nne inaamua. Neno linaloibeba aya ni lile "hata hivyo": likiondoka, hakuna mvutano, na hoja kuu inaonekana kama imetoka hewani.

Utaona pia nilichokiacha nje. Sikutaja kung'olewa kwa pamba Nandete mwezi Julai 1905. Sikutaja kwamba Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, karibu mwezi mzima kabla ya Mahenge. Jambo hilo la pili ni zuri sana, kwa sababu linaonyesha kwamba vita havikumtegemea mtu mmoja, lakini ni ushahidi, na mahali pa ushahidi ni aya za kati. Kung'olewa kwa pamba kunajibu swali la vita vilianzaje. Hilo siyo swali letu.

Mwisho, kuna majaribio mawili ya kufanya ukishamaliza. La kwanza: mpe rafiki yako aya yako bila kumwonyesha swali. Muulize, "Nimeulizwa nini, na nimejibu nini?" Akiweza kukwambia vyote viwili, aya imesimama. Akitaja mada tu, "umeulizwa kuhusu Maji Maji", rudi hatua ya pili. La pili: funua swali, pigia mstari maneno matatu au zaidi yanayofuatana kwenye aya yako kama yalivyo kwenye swali. Majina na tarehe usiyahesabu, wala istilahi kama "imani katika maji". Yakibaki mengine, iandike sentensi hiyo upya swali likiwa limefunikwa.

Na kama insha imekupeleka kwingine njiani, ukajikuta aya za kati zinathibitisha kwamba mgawanyiko wa uongozi ulikuwa mzito kuliko njaa, basi rudi juu urekebishe hoja kuu. Kwenye chumba cha mtihani, hii ndiyo sababu ya kuorodhesha hoja zako pembeni kabla hujaandika aya ya kwanza, maana huko muda wa kufuta haupo.

Swali la kufanyia mazoezi hili hapa: "Ni kwa kiasi gani kilimo cha lazima cha pamba kilisababisha kuzuka kwa vita vya Maji Maji? Jadili." Kumbuka kwamba kulikuwa na kodi, kazi za kulazimishwa na ukatili wa maakida, na kwamba Wangoni walijiunga wakiwa na sababu zao wenyewe. Funika swali, jibu kwa mdomo, kisha niandikie hoja yako kuu hapo chini kwa sentensi moja.