Picha ya Mzee

Habari zenu watu wangu wa Kisumu, Ahero na Nakuru. Leo sitembezi kamera mjini Doha. Nataka niwasimulie usiku wa mwenzangu wa chumba, kijana wa Nyalenda. Ameniruhusu, ila jina lake nalificha.

Sisi hapa tunaishi kwa vitanda vya ghorofa, na kila mtu wa chini ananing'iniza shuka mbele ya kitanda chake apate faragha. Juzi usiku nyuma ya shuka yake mwanga wa simu haukuzimika. Saa za Doha na Kisumu ni zilezile, kwa hiyo alijua kwao nao hawajalala. Mdogo wake alikuwa amempigia: "Omera, mzee ametuacha. Wewe ndiye ulikuwa unampiga picha. Tutafutie moja ya programu ya mazishi na nyingine kubwa ya kubeba mbele ya gari." Kwenda hawezi, ruhusa amenyimwa. Kazi aliyoachiwa msibani ilikuwa hiyo.

Akaanza kupekua. Picha karibu zote zilikuwa za WhatsApp, na nyingi zilibeba tarehe moja: IMG-20190302-WA0011, WA0012, WA0013, mfululizo. Hiyo tarehe ni ya siku simu yake ilipozipokea, binamu yake alipomtumia zote kwa mkupuo. Siku zilipopigwa haijulikani kwa jina hilo. Basi akawa anazipanga kwa vitu vilivyomo. Paa lenye kutu ni kabla hajapata kazi. Mabati mapya yanayong'aa ni mshahara wake wa kwanza huku. Dada yake akiwa na sare ya shule ya msingi, halafu picha inayofuata amebeba mtoto wake mwenyewe.

Na mzee? Mzee yumo pembeni. Ameshika mjukuu, ameshika kamba ya ng'ombe, au amesimama nyuma ya watu kumi na wawili sherehe ya arusi, uso nusu. Wazee wetu hawajipigi picha wenyewe, mnajua.

Akaikata ile ya arusi abaki mzee peke yake. Kwenye kioo cha simu ikapendeza, akaituma. Baada ya dakika chache fundi wa uchapishaji akamjibu kupitia kwa mdogo wake kwamba haifai. Sababu ni hii: WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, mara nyingi upande mrefu ukabaki pikseli 1600 hivi. Picha hiyo nzima ina watu wengi, kwa hiyo uso wa mzee ulipata pikseli 200 tu. Uchapishaji safi unataka karibu pikseli 300 kwa kila inchi, yaani uso ule ungetoka safi kwa upana usiofika sentimita mbili. Ukiuvuta ujaze jalada la programu, macho yanakuwa miraba midogo midogo. Simu haikuonyeshi hilo kwa sababu kioo chake ni kidogo. Fungua maelezo ya picha: ukiona kilobaiti mia moja na kitu, usiipeleke kwa fundi wa bango.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha nikamsikia akifungua sanduku chini ya kitanda. Simu yake ya zamani ilikuwa imekufa betri kitambo, lakini memori kadi ilikuwa bado ndani. Akaitoa, akaomba simu yangu maana ina nafasi ya kadi. Tukakaa wawili kitandani kwake.

Humo majina ni mengine: IMG_20171224_163012. Hiyo kamera yenyewe imeandika: tarehe 24 Desemba 2017, saa kumi na nusu jioni. Mzee ameketi chini ya mwembe, redio sikioni, anacheka na mtu asiyeonekana. Megabaiti nne. Tukavuta karibu mpaka nywele za ndevu zikahesabika. Ndugu yangu alilia hapo, na mimi sikumzuia.

Hakuituma kama picha. Alibonyeza alama ya kiambatisho, akachagua Document, ndipo faili ikaenda nzima bila kupunguzwa.

Nyumbani wakagawanyika. Ami zake walitaka mzee wa suti, kwa heshima, hata kama fundi angelazimika kumvalisha suti kwa kompyuta. Wakamuuliza mama. Mama akashika simu ya mtoto, akatazama, akasema: "Mwacheni na redio yake. Huyo alikuwa ananisubiri nimalize kupika asikilize habari."

Programu imechapishwa jana. Mazishi ni Jumamosi, na mdogo wake ataturushia kwa simu kuanzia saa nne asubuhi. Nimebadilishana zamu na mwenzetu mmoja ili nitazame naye. Kama uko karibu na Nyalenda na uliwahi kumpiga mzee wako picha yoyote, nisaidie jambo moja leo: itafute ile ya kamera yenyewe, umtumie mtoto wake aliye mbali, kwa Document.