Karo, Akiba na Salio la Mwezi wa Nane

(Mazungumzo na wazazi wa chama chetu, yameandikwa kama yalivyosemwa)

Nimeambiwa nina nusu saa, na mwenyekiti ananijua, kwa hiyo ameshaweka saa mezani. Haya. Mlionisikia mwaka jana mtanisamehe, maana nitarudia yale yale, kwa kuwa hata mwaka huu kuna mtu amenipigia Januari akilia karo.

Tuchukue mtoto atakayeingia gredi ya 10 Januari 2029, sekondari pevu, bweni. Shule za kitaifa karo yake ilizoeleka kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Mimi naandika 54,000 ubaoni ili tusihangaike na chenji. Miaka mitatu ni 162,000. Mzazi anaanza kuweka mwisho wa Januari 2026, shilingi 4,000 kila mwisho wa mwezi, hadi Desemba 2028. Miezi 36. Riba ni nusu asilimia kwa mwezi, kodi ikishakatwa. Nasema ikishakatwa kwa makusudi, kwa sababu tangazo likisema asilimia 7 kwa mwaka, serikali inachukua asilimia 15 ya riba hiyo, na mkononi inakufikia kama 6 hivi.

Sasa ana shilingi ngapi siku ya kufungua shule?

Kila mara kuna mtu ananijibu haraka: 144,000, ongeza asilimia 6 mara miaka mitatu, jumla 169,920. Hapana, bwana. Hizo 4,000 za Desemba 2028 zimeingia jana! Zimekaa lini zikazaa? Ile ya kwanza ndiyo imekaa miezi 35, ya mwisho haijakaa hata mmoja. Kwa wastani kila shilingi imekaa miezi 17 na nusu. Zidisha 144,000 kwa 17.5 kwa nusu asilimia, unapata 12,600. Riba juu ya riba ikiingia, jibu kamili ni 13,344. Kwa hiyo salio ni 157,344. Akikuonyesha mtu hesabu ya miaka mitatu inayokaribia 170,000, mwambie amezihesabu pesa zako kama vile zote ziliingia siku moja.

Salio hilo ni dogo kuliko 162,000, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Naona mzee kule nyuma ameshaanza kuguna. Subiri, mzee wangu.

Karo hailipwi yote siku moja. Mgawo unaojulikana ni 50, 30, 20: muhula wa kwanza nusu, wa pili asilimia 30, wa tatu asilimia 20. Kwa mfano wetu ni 27,000, kisha 16,200, kisha 10,800. Kati ya kutoa na kutoa nitahesabu miezi minne minne. Kalenda haiko sawa hivyo, muhula wa pili hufunguliwa Aprili ikielekea kwisha na wa tatu Agosti, lakini tofauti yake ni ndogo. Kwa miezi minne, kila shilingi inakua mara 1.02015.

Kanuni ni moja tu: toa karo kwanza, kilichobaki kikuze miezi minne, toa tena. Januari tunatoa 27,000, linabaki 130,344. Miezi minne baadaye limekuwa 132,971. Toa 16,200, linabaki 116,771. Likikua linafika 119,124. Toa 10,800, linabaki 108,324. Ikifika Januari nyingine lina 110,507. Mwaka wa kwanza umelipwa wote, 54,000 zimetoka, na salio limepungua kwa 46,837 tu. Mmeona? Ukiendelea hivyo, mwaka wa pili unaishia na 60,780, na muhula wa mwisho wa mwaka wa tatu ukishalipwa yanabaki mezani 7,829.

Riba yote aliyopata mzazi huyu ni 25,829. Ile ya miaka mitatu ya kuweka ni 13,344. Iliyobaki, 12,485, imezaliwa mtoto akiwa tayari darasani! Karibu nusu kwa nusu.

Na hapo namkumbuka shemeji yangu, Mungu amweke. Aliweka akiba kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, hata kwa harusi ya binti yake hakuigusa akiba hiyo. Mtoto alipoitwa shule, Januari ile ile, akazitoa zote akazihamishia akaunti ya kawaida isiyo na riba. Nikamuuliza, shemeji, kwa nini? Akanijibu, "Karo imeshaanza, sasa ni wakati wa kutumia, si wa kuweka." Nilijaribu kumweleza pale pale kibarazani, kahawa ikapoa, akaniambia mwalimu wewe unapenda namba kuliko watu. Sawa. Mpeni namba za mfano wetu: ana 157,344 zilizolala, anadaiwa 162,000. Anatoa, anatoa, na muhula wa tatu wa mwaka wa tatu, siku ya kulipa 10,800, anakuta 6,144. Amepungukiwa 4,656. Mwenzake aliyeacha salio likae palepale anabakiwa na 7,829. Uwekaji ni ule ule, karo ni ile ile. Shemeji kweli alipungukiwa muhula ule, na aliyemwazima ni mimi. Sijasema kitu. Leo ndiyo nasema.

Najua kuna atakayeniambia: mwalimu, mimi nimeweka amana kwenye chama cha akiba na mikopo, faida yake ni nzuri zaidi. Ni kweli, lakini amana ile kwa kawaida huwezi kuitoa kipande kipande kila muhula. Ni dhamana ya mkopo, na mara nyingi unaipata ukijitoa uanachama. Utaishia kukopa karo huku una pesa zako. Kwa mpango huu unahitaji akaunti ya kutoa. Uliza swali hilo kabla ya kuweka shilingi ya kwanza, na uliza pia wanahesabuje riba: wengine hutumia salio la chini kabisa la mwezi, kwa hiyo ukitoa tarehe 28 mwezi mzima umeliwa riba ya hizo ulizotoa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mawili ya haraka. Kama hutaki kubakiwa na kitu, kiasi kinachotosha ni 3,830 na ushei kwa mwezi, si 4,500 ile unayopata kwa kugawanya 162,000 kwa 36. Wengi wakiona 4,500 hawaanzi kabisa.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Nimeiacha karo ikae 54,000 miaka yote. Ikipanda asilimia 5 mwaka wa pili na asilimia 5 tena mwaka wa tatu, zile 7,829 zinaliwa zote na muhula wa mwisho unapungukiwa kama 795. Kwa hiyo anayeweka 3,830 ndiye atakayenipigia simu Agosti. La wenye watoto wawili nilitaka kuligusa, mmoja anatoa huku mwingine bado anawekewa, lakini chai imeshaletwa. Nitafuteni baadaye, na mje na kalamu.