Utangulizi Uliokaa Kichwa Chini

Habari za asubuhi. Leo nina aya moja tu. Mwandishi wake ameniruhusu niisome mbele yenu, kwa sharti kwamba nisimtaje. Sikilizeni:

"Insha hii itaangalia faida za simu, kisha hasara zake, na mwisho itatoa mapendekezo. Simu ziruhusiwe shuleni kwa masharti. Tangu zamani binadamu amekuwa akitafuta njia za kuwasiliana. Siku hizi simu ni kamera, kompyuta na maktaba. Shule nyingi zimeipiga marufuku kwa sababu inavuruga masomo, ingawa baadhi ya walimu huitumia kufundishia, jambo linaloibua swali kama marufuku hiyo inafaa."

Hakuna kilichokosekana hapo. Muktadha upo, swali lipo, dai kuu lipo, ramani ya sehemu ipo. Ila msomaji anaonyeshwa njia kabla hajajua safari ni ya wapi, na anapewa jibu la swali ambalo hajaulizwa.

Chukueni kalamu. Pembeni mwa kila sentensi andikeni herufi: M kwa muktadha, S kwa swali, D kwa dai, R kwa ramani. Mnapata R, D, M, M, kisha sentensi moja ndefu yenye M na S pamoja. Tunataka M, S, D, R.

Wengi hapa hukimbilia kukata na kubandika. Fanyeni hivyo, lakini msiishie hapo, maana kupanga upya ndiko kunakofichua ugonjwa wenyewe. Liwekeni swali na dai bega kwa bega. Swali: je, marufuku inafaa? Dai: simu ziruhusiwe kwa masharti. Masharti gani? Dai linalikwepa swali. Na ramani nayo inaahidi faida na hasara, vitu ambavyo havimo katika dai. Sentensi zilipokuwa mbalimbali, hakuna aliyeyaona haya, hata mwandishi mwenyewe.

Kwa hiyo mimi huandika kwa kurudi nyuma. Naanza na dai, tena baada ya kumaliza mwili wa insha, kwa kuwa hapo ndipo ninapojua nimethibitisha nini. Mwandishi wetu, ukisoma kurasa zake, alikuwa amethibitisha jambo zuri kuliko alilolitangaza: kwamba tatizo ni nani anayeamua simu itoke mfukoni. Kutoka kwenye dai hilo natafuta swali ambalo hilo ndilo jibu lake. Kisha nauliza, msomaji anahitaji kujua nini ili swali hili limkere? Hicho tu ndicho muktadha. Binadamu wa tangu zamani na mawasiliano yake anatoka, na wala hatumkosi. Kamera na maktaba pia.

Tulipata hii:

"Shule nyingi hupiga marufuku simu kwa sababu huwatoa wanafunzi kwenye somo. Lakini baadhi ya walimu hutumia simu hizo hizo kufundishia, na marufuku huwafungia njia. Je, shule inaweza kuzuia usumbufu bila kuiondoa simu darasani? Insha hii inadai kwamba inaweza, iwapo mwalimu ndiye anayeamua simu itumike wakati gani. Kwanza nitaonyesha kwamba usumbufu hutokana na simu kuwa wazi muda wote. Kisha nitaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kuudhibiti muda huo. Mwisho nitajibu pingamizi kwamba udhibiti huo unamwongezea mzigo."

Litazameni neno "lakini". Muktadha usio na mgongano hauzai swali. Unabaki kuwa maelezo. Tazameni pia "inaweza" inavyorudi kwenye dai: jibu limeazima kitenzi cha swali, kwa hiyo haliwezi kulikwepa. Na kila kituo cha ramani ni kipande cha dai. Kituo kisichogusa dai kina maana mbili: sehemu hiyo ya insha ni ya ziada, au dai ni jembamba mno.

Kuhusu urefu, sehemu moja ya kumi ya insha inatosha. Insha ya maneno 600 haihitaji ramani ya kujitegemea. Dai lenye sababu zake ndani linaionyesha njia. Ramani ni ya kazi ndefu yenye sehemu zilizotengwa.

Kuna aliyeuliza: na swali likitoka kwa mwalimu? Msilinakili. Likisema "Jadili athari za simu shuleni", hiyo ni mada, bado si swali. Ninyi ndio mtakaochagua athari ipi ina mvutano, mkaigeuza kuwa sentensi yenye alama ya kuuliza. Katika mtihani wa saa moja, hata hivyo, mimi ningeanza na dai katika sentensi ya kwanza au ya pili, kwa kuwa msahihishaji analo swali mbele yake tayari.