Kochi la kijani na ukumbi usio na kuta

BARAKA: Dada Zuhura, msikilizaji katutumia picha. Sebule, meza ya chakula na jiko viko kwenye ukumbi mmoja, hakuna ukuta kati. Kochi ni la kijani kilichokolea, makabati ya jikoni meupe. Anasema kila kitu ni kizuri, ila haviongei.

ZUHURA: Kijani chake kiko kwenye kochi tu. Ukisimama mlangoni, jicho linagota pale na halina pa kwenda. Mimi ningeanza hapohapo mlangoni, nihesabu rangi hiyo inaonekana mara ngapi. Ikionekana mara moja ni mgeni, mara mbili ni kama bahati tu. Ikifika ya tatu, jicho linaanza kuifuata.

BARAKA: Kwa hiyo viti vya kijani, mapazia ya jikoni ya kijani...

ZUHURA: Ngoja kwanza! Ukiijaza kila upande kwa kiasi kilekile, umehamia duka la fanicha. Punguza kadiri unavyosogea. Sebuleni kijani ni kochi zima, mezani kiwe mito ya viti viwili vya mwisho, jikoni safu fupi ya vigae nyuma ya jiko la kupikia. Kinaweza kupauka au kukolea, mradi kiegemee upande mmoja. Kijani chenye unjano kikikaa jirani na chenye ubuluu, kimojawapo kitaonekana kichafu.

BARAKA: Na dukani nitajuaje kinaegemea wapi?

ZUHURA: Viweke vipande vyote viwili, cha kochi na cha unachotaka kununua, juu ya karatasi nyeupe, mchana, karibu na dirisha. Chini ya taa ya mwanga wa njano vyote vitakudanganya.

BARAKA: Nimeona na jambo jingine. Sakafu ni mbao ya unjano, meza ni mbao nyekundu.

ZUHURA: Eeh, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko kochi. Lakini asiuze meza. Kwanza azitenganishe hizo mbao kwa zulia, lizidi ukingo wa meza kama sentimita 60 kila upande, ili kiti kikivutwa nyuma miguu ibaki juu yake. Kisha wekundu ule aurudie: fremu ya kioo sebuleni, rafu moja jikoni. Hapo meza inapata ndugu.

BARAKA: Kuta je? Anataka jikoni pawe na rangi tofauti na sebuleni.

ZUHURA: Sawa, ila rangi zikutane kwenye kona ya ndani. Zikikutana kwenye kona inayochomoza, ukuta unaonekana mwembamba kama kadibodi, na kila mkwaruzo wa brashi unaonekana.

BARAKA: Kwenye picha ukuta wa pembeni umenyooka toka mlangoni hadi jikoni, hauna kona kabisa.

ZUHURA: Basi huo aupake rangi moja mwanzo hadi mwisho. Hiyo tofauti aipeleke ukuta wa nyuma wa jiko, maana wenyewe una kona ya ndani kila upande.