Kimya na mshindo: kupanga hofu katika dakika sita za gemu ya kutisha

Karibuni tena. Leo hatutengenezi gemu nzima. Tunatengeneza dakika sita tu, kwa sababu ukiweza kumshika mchezaji roho mkononi kwa dakika sita, saa nzima utaiweza.

Tazama ramani hii kwenye skrini. Jengo limekatika umeme. Mchezaji anashuka ngazi, anapita korido ndefu, anaingia chumba cha mashine kuchukua fyuzi, kisha anarudi juu kuipachika. Katikati ya korido kuna stoo ndogo yenye mlango unaofungika. Kiumbe ni kimoja tu. Natumia Godot, ila ninachoeleza kinafanya kazi kwenye injini yoyote.

Hatua ya kwanza, usiguse sauti wala taa. Chukua karatasi uchore mstari wa hofu, chini sifuri, juu mia. Wangu unaanza kwenye 20 pale ngazini, unapanda taratibu hadi 50 mlangoni pa chumba cha mashine, unashuka hadi 30 mchezaji anapoishika fyuzi, unapanda tena hadi 70 akiwa njiani kurudi, unaruka hadi 95 kiumbe kinapotokea, halafu unaporomoka hadi 15 ndani ya stoo. Angalia hapo kwenye fyuzi: mstari unashuka mahali ambapo kila mtu anatarajia upande. Tutaparudia.

Mstari huu usiufunge kwenye saa. Kuna mchezaji atakayepita korido kwa sekunde 20, na mwingine atasimama ngazini dakika nzima akisikiliza. Ufunge kwenye matukio: amevuka mlango, ameshika fyuzi, amefunga stoo. Weka maeneo yasiyoonekana kwenye ramani, na kila akivuka moja, badilisha lengo la hofu. Namba yenyewe ilifuate lengo polepole, hivi:

```gdscript
var kasi = 3.0 if lengo > hofu else 1.6
hofu = move_toward(hofu, lengo, kasi * delta)
mngurumo.volume_db = lerp(-14.0, -30.0, hofu / 100.0)
```

Hofu inapanda pointi tatu kwa sekunde, na inashuka karibu nusu ya kasi hiyo, kwa sababu mapigo ya moyo hayatulii mara moja hatari ikipita. Kilele peke yake ndicho kisichosubiri: kiumbe kikitokea, iandike 95 moja kwa moja. Sasa tazama mstari wa mwisho. Hofu ikipanda, mngurumo wa jengo unapungua. Wengi hufanya kinyume, wanaongeza muziki kadiri hatari inavyokaribia, na matokeo yake muziki unamwambia mchezaji kila kitu kabla hajaona chochote.

Twende kwenye sauti. Nina tabaka tatu. La kwanza ni huo mngurumo, sauti nzito ya jengo isiyokoma. Baada ya dakika moja mchezaji haisikii tena, ameizoea, na hapo ndipo thamani yake ilipo, maana ataihisi siku utakapoiondoa. La pili ni vitu vidogo: tone la maji, bomba linalogonga, chuma kinachojikunja kwa baridi. Hivi vicheze kwa nafasi zisizolingana, mara sekunde nne, mara tisa. La tatu ni nyayo za kiumbe. Rekodi angalau hatua tano tofauti na uzichanganye, kwa sababu sikio la mtu mwenye hofu ni kali mno, litagundua hatua ileile ikijirudia, na tangu hapo atakuwa anasikia faili, hasikii kiumbe.

Kimya chenyewe kinatengenezwaje? Usizime sauti ghafla. Punguza mngurumo kwa sekunde tatu au nne, acha vitu vidogo vikome kimoja kimoja, na hewa ya chumba ibaki kwa mbali sana. Wakati huohuo pandisha kidogo nyayo za mchezaji mwenyewe na kupumua kwake. Ukimwona mtu anayejaribu gemu yako anagusa kebo ya spika za masikioni, ujue umekata kwa ukali, amedhani kifaa kimeharibika. Kimya kizuri humfanya apunguze mwendo bila kujua kwa nini.

Sasa tunarudi kwenye ile fyuzi. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu, na mchezaji wako analijua hilo vizuri kuliko unavyofikiri. Kimya cha kwanza kikiisha kwa mshindo, cha pili akakutana na mshindo, cha tatu atakuwa tayari amekaza mabega na kupunguza sauti. Umemfundisha ratiba yako. Kwa hiyo anapofika kwenye fyuzi, mpe kimya kamili, mwache anyooshe mkono, aichukue, na kisitokee chochote. Mngurumo unarudi, tone la maji linarudi. Atacheka kidogo peke yake. Hiyo ndiyo ile 30 kwenye karatasi yetu.

Kimya cha pili kiko kwenye korido, njia ya kurudi. Kinakuja vilevile, kinapita vilevile, mngurumo unarudi, mchezaji anashusha pumzi na kuanza kutembea. Hesabu sekunde sita tangu mngurumo urudi. Hapo ndipo kiumbe kinatoka. Ukikitoa baada ya sekunde mbili, bado amejikunja. Baada ya ishirini, ameshasahau. Kwangu sita hadi nane zimekaa vizuri, ila korido yako ikiwa fupi itabidi upunguze.

Taa. Kosa linaloonekana kwenye gemu nyingi za wanaoanza ni giza la kila mahali. Mchezaji hafanyi lolote ila kupandisha mwanga wa skrini, na giza lisilo na mpaka halimtishi mtu, linamchosha macho. Anachohitaji ni visiwa vya mwanga. Kwenye korido hii nina taa ya dharura mwanzoni na nyingine mwishoni, na kati yake takriban mita nane za giza. Akisimama chini ya taa ya kwanza anaiona ya pili, anajua pa kwenda, na anajua atakachopita ili afike. Kiumbe nacho nakipitisha mara moja mbele ya taa ya mbali, kivuli tu, nusu sekunde, kabla hata hajafika kwenye fyuzi. Ninakipitisha akiwa anatazama mbele. Akiwa amegeuka, subiri. Usipoteze kivuli kwa mtu asiyekiona.

Kuna kanuni moja ninayoishikilia hapa: sauti inaruhusiwa kudanganya, taa hairuhusiwi. Taa zangu hupepesa pale tu kiumbe kilipo ndani ya mita kumi. Lazima kuwe na ishara moja ambayo mchezaji anaweza kuiamini, la sivyo anaacha kusoma ishara zote na kuanza kukimbia ovyo. Silent Hill ya 1999 ilifanya hivyo kwa redio inayotoa mkwaruzo viumbe vya kutisha vinapokaribia. Redio haikumpunguzia mtu hofu hata kidogo. Ilimfanya aogope mapema, kabla hajaona kitu.

Uhaba sasa. Pima kwanza kabla ya kuamua utamnyima nini. Tembea njia yako yote kwa mwendo wa kawaida uhesabu sekunde unazohitaji tochi. Kwenye ramani hii ni kama sekunde 200. Betri moja inadumu 120. Kwa hiyo ana mwanga wa kutosha kwenda, hana wa kutosha kurudi, na betri ya pili iko ndani kabisa, kwenye kona ya chumba cha mashine. Hesabu hiyo inamfanya azime tochi mwenyewe akifika chini ya taa ya dharura, na mtu anayezima tochi kwa mkono wake mwenyewe anaogopa zaidi kuliko yule uliyemzimia wewe. Risasi ana mbili. Kiumbe hakifi, kinarudi nyuma kikipigwa zote mbili. Akikosa moja, njia iliyobaki ni stoo.

Uhaba huharibika kwa namna mbili. Ukimpa vingi, atafika mwisho akiwa na akiba ya kila kitu na hajawahi kufikiri. Ukimnyima mno, atakwama gizani, na hofu itageuka hasira. Dawa ya hili la pili ni rahisi: tochi isizimike kabisa, ishuke hadi mwanga hafifu wa kuona hatua moja mbele. Na kama betri imeisha naye bado hajaipata ile ya pili, weka nyingine kwenye droo ambayo hajaifungua. Ndani ya droo, narudia. Betri ikitokea juu ya meza aliyokwisha kuipita, atajua kuna mtu anamwonea huruma.

Tena, hifadhi mchezo pale ngazini na mara tu anapochukua fyuzi. Mtu anayerudishwa dakika nne nyuma haogopi mara ya pili. Anafanya kazi.

Stoo. Hapa watu wengi huharaka, nami ningetaka ukae. Mchezaji amefunga mlango, moyo unamwenda mbio. Mpe taa moja ya rangi ya joto. Nje, nyayo zinapita karibu, zinasimama kidogo, kisha zinaondoka. Baada ya hapo hakuna kitu kwa sekunde 40 hivi. Left 4 Dead ya 2008 ina mfumo unaokadiria presha aliyonayo mchezaji, na ikifika kilele unaacha kuleta makundi ya maadui kwa sekunde 30 hadi 45. Ile ni gemu ya kufyatua risasi na hii yetu ni ya kunyata, lakini mwili wa binadamu ni uleule.

Usimvamie ndani ya stoo. Inavutia, najua, na mara moja utapata ukelele mzuri sana. Ila umeuza chumba salama cha gemu nzima kwa ukelele mmoja, na tangu hapo hakuna mlango utakaompa nafuu. Bila nafuu, ile 95 haina pa kushukia, na kelele zote zinakuwa sawa. Mwache ahesabu risasi zake, asome karatasi ukutani. Usimsukume atoke. Mngurumo urudi pale tu anapogusa kitasa, na nyayo zisisikike tena hadi afike ngazini.

Mwisho, jaribu na watu. Usikae karibu nao, utawafanya wajikaze. Rekodi skrini na mwendo wao. Akikimbia kuanzia ngazini hadi fyuzi, mwanzo wako hauna uzito. Mara nyingi mngurumo uko chini mno, hivyo hakuna cha kupungua. Akisimama kabla ya zile mita nane za giza, umepatia. Akiipita stoo bila kuiona, taa yake haionekani kutoka koridoni, acha mlango wazi kidogo mwanga utoke. Na akishtuka pale kwenye fyuzi, ambapo hakuna kitu kabisa, usiguse chochote kwenye sehemu hiyo.

Ukirekebisha, badilisha jambo moja kwa kila jaribio, na uanze kwa kuondoa. Namba ya kugusa kwanza ni zile sekunde sita.