Waraka Mkuu Usiandikiwe: Namna ya Kuigawa Tasnifu Kubwa katika Mafaili ya Sura

Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Tabora

Ndugu wasimamizi na ndugu wanafunzi, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie faili la Word lililokua mpaka likawa zito kufunguka, linalosita kila unapobonyeza herufi, na ambalo siku nyingine hujifunga lenyewe katikati ya kuhifadhi. Nitashikilia njia moja tu, yaani kuiweka kila sura katika faili lake na kuziunganisha chini ya waraka mkuu, ambao Word huuita Master Document. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: waraka mkuu ni mahali pa kukutanishia sura kwa ajili ya kuchapa, wala si mahali pa kuandikia. Wengi wanaoulalamikia kwamba umewaharibia kazi waliufungua, wakazitandaza sura zote, kisha wakaendelea kuandika humo humo.

Tuchukue mfano wa tasnifu inayohusu ufugaji wa nyuki na kilimo cha tumbaku katika wilaya za Sikonge na Urambo. Ina sura tano, kurasa 290, ramani za misitu ya miombo, picha za mizinga na chati nyingi zilizotoka Excel, na faili lake lina MB 140. Word yenyewe inakubali faili la hadi MB 512, kwa hiyo tatizo si kwamba tumevuka mpaka. Tatizo ni kwamba maneno yote ya kurasa 290 yanakaa katika kipande kimoja ndani ya faili, na kila unapohifadhi, faili zima huandikwa upya hata kama umerekebisha koma moja tu. Umeme ukikatika wakati huo, hasa ikiwa unafanyia kazi moja kwa moja kwenye flashi, kinachokuwa hatarini ni tasnifu nzima. Sura zikiwa mbalimbali, inayohatarika ni ile moja iliyokuwa wazi.

Hata hivyo, kabla ya kugawa, nawasihi mtazame uzito huo umetoka wapi. Tengeneza nakala ya faili, ubadilishe mwisho wa jina la nakala hiyo kutoka .docx kuwa .zip, kisha uifungue. Ndani yake kuna folda iitwayo word, na humo mna folda ya media yenye picha zote, na mara nyingi folda ya embeddings pia. Katika mfano wetu tunakuta ramani tatu zenye zaidi ya MB 15 kila moja, na ndani ya embeddings tunakuta vitabu vizima vya Excel, kwa sababu chati ilipobandikwa ilikuja na kitabu chote cha takwimu za dodoso. Chati za namna hiyo zibandikwe upya kama picha, na ramani zipunguzwe kwa Compress Pictures. Asiyelifanya hili atagawa faili lake na kubaki na sura ya nne yenye MB 120, na sura hiyo itasitasita kama tasnifu nzima ilivyokuwa ikisita. Kuna faida ya pili ambayo wasimamizi wangu hapa wataifurahia, kwamba takwimu ghafi za wahojiwa hazitasafiri tena ndani ya sura bila mwandishi kujua.

Baada ya hapo tunatengeneza kiolezo, na hapa ningependa tutulie kidogo, kwa sababu vurugu nyingi za waraka mkuu huanzia kwenye mitindo. Kiolezo ni faili la .dotx lisilo na maneno ya tasnifu, lenye ukubwa wa karatasi, pambizo, na mitindo yote tutakayoitumia: Normal, Heading 1 hadi Heading 3, Caption, na namba za vichwa zilizofungwa kwenye mitindo hiyo ya Heading. Sura zote tano pamoja na waraka mkuu lazima vizaliwe na kiolezo hicho kimoja. Sura ya pili ikiwa na Heading 2 ya ukubwa wa 14 na waraka mkuu una Heading 2 ya ukubwa wa 12, zitakapokutana ufafanuzi wa waraka mkuu ndio utakaoshinda, na kurasa ulizozipanga kwa uangalifu zitahama. Namba za vichwa nazo, zikiwa zimechapwa kwa mkono badala ya kutoka kwenye mtindo, hazitajua kwamba kuna sura nyingine iliyotangulia.

Sasa tunakata. Kwanza malizeni masahihisho yaliyobaki ya Track Changes kwa kuyakubali au kuyakataa, kisha muizime Track Changes. Washa alama za aya kwa Ctrl+Shift+8, chagua sura moja kuanzia kichwa chake hadi aya yake ya mwisho, inakili, fungua waraka mpya kutoka kwenye kiolezo, ubandike kwa Use Destination Styles, kisha uhifadhi. Kwa sura ya mwisho, acheni alama ya aya iliyo mwisho kabisa wa tasnifu, maana alama hiyo hubeba taarifa za mpangilio wa waraka, na faili lililoanza kuharibika mara nyingi huhamisha ubovu wake kupitia hapo. Majina ya mafaili yawe mafupi na ya kudumu: sura1.docx, sura2.docx, na kuendelea, yote katika folda moja. Word ina kitufe cha Create kinachoweza kuikata tasnifu chenyewe, ila hakikupi nafasi hii ya kusafisha, na hubuni majina ya mafaili kutokana na maneno ya vichwa. Mimi nakiacha.

Rejea zinazovuka sura zinahitaji tahadhari ya pekee. Tuseme sura ya tano inasema “tazama Jedwali 4.3”, na namba hiyo iliwekwa kwa Cross-reference. Ukishaitenga sura ya tano, namba itaendelea kuonekana salama mpaka siku utakapoisasisha kwa F9, au mpaka kompyuta iliyopangiwa kusasisha kabla ya kuchapa iifanye kazi hiyo, na hapo patatokea maneno Error! Reference source not found. Jedwali lenyewe liko katika faili jingine, kwa hiyo sura ya tano haina pa kulitafuta. Rejea za ndani ya sura ziacheni zilivyo. Zinazovuka, badala yake andikeni alama rahisi kutafutwa, kwa mfano:

```
##jedwali-mapato-ya-asali##
```

Waraka mkuu tunauunda sasa, kutoka kwenye kiolezo kile kile, na kuuhifadhi katika folda ile ile kwa jina mkuu.docx. Kurasa za awali, yaani ikisiri, shukurani na yaliyomo, zinaweza kukaa humu. Ingia View, kisha Outline, bofya Show Document, weka kishale kwenye mstari mtupu baada ya kurasa hizo, bofya Insert na uchague sura1.docx. Kwa kila sura inayofuata, hakikisha kishale kiko nje ya kisanduku cha sura iliyotangulia, vinginevyo sura ya pili itaingia ndani ya ya kwanza. Word ikikuuliza kama ibadili jina la mtindo uliopo pande zote mbili, jibu No to All. Halafu bofya Collapse Subdocuments, uhifadhi. Unachobaki nacho ni faili dogo lenye viungo vitano.

Kuanzia siku hiyo, anayetaka kuandika sura ya tatu anafungua sura3.docx peke yake. Anayetaka kuiona tasnifu nzima anafungua mkuu.docx, anabofya Expand Subdocuments, anarudi Print Layout, anachagua vyote kwa Ctrl+A, anasasisha kwa F9, anatoa PDF, kisha anafunga na kukataa kuhifadhi. Huku kukataa kuhifadhi ndiko kunakozilinda sura, kwa sababu sura zikiwa zimetandazwa, kila ulichobadilisha katika waraka mkuu, hata bila kukusudia, huandikwa kwenye mafaili yake ukikubali kuhifadhi. Ukiona kosa la tahajia katika PDF, lirekebishe katika faili la sura.

Katika PDF ya kwanza tazameni mambo mawili. Namba za kurasa zikirudi 1 mwanzoni mwa sura ya tatu, basi sura hiyo imewekewa Start at. Irudisheni kwenye Continue from previous section, na sura ya kwanza pekee ndiyo ianze na 1 baada ya namba za Kirumi. Ukikuta ukurasa mtupu kabla ya sura, kuna mkato wa ukurasa uliobaki juu ya kichwa, nao hauhitajiki, kwani Word imekwisha kuweka mkato wa sehemu hapo.

Mmoja wenu ameniuliza kabla hatujaanza: waraka mkuu ukiharibika, je? Dalili zake zinaonekana. Sura moja inatokea mara mbili, alama ya kufuli haitoki, au mkuu.docx inavimba ilhali sura zimekunjwa. Usijaribu kuutibu. Ufute, uunde mwingine kutoka kwenye kiolezo, na uziingize sura tano upya. Ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa isipokuwa kurasa za awali, ambazo nashauri muwe na nakala yake pembeni, humo hamna kitu ambacho hakipo kwingine. Kadhalika msiyabadili majina ya sura wala kuzihamisha moja moja kwenye folda nyingine, kwa sababu kiungo kitakuwa kinaelekea mahali pasipo na kitu. Na msimamizi apelekewe faili la sura. Likirudi na maoni yake, lirudishwe kwa jina lile lile.

Inabaki hatua ya kukabidhi. Nakili folda nzima na uiite mwisho. Fungua mkuu.docx iliyo ndani ya nakala, na kabla ya kutandaza chochote weka kishale juu ya kila kiungo usome njia yake. Kikiwa bado kinaelekea folda ya zamani, kifute na uiingize sura ya ndani ya nakala. Kisha tandaza, rudi Outline, bofya Show Document, chagua kisanduku cha kila sura na ubofye Unlink. Hifadhi kwa jina tasnifu_kamili.docx. Sasa una faili moja lisilotegemea jingine, na kwa kuwa picha zilikwisha kupunguzwa, halitakuwa na uzito ule wa mwanzo. Humu ndimo sasa unapozitafuta alama zote za ## na kuweka Cross-reference halisi mahali pake, na ndimo unapoingiza orodha moja ya marejeleo baada ya kufuta zile zilizokuwa mwishoni mwa kila sura. Sasisha vyote, tafuta neno Error! kwa Ctrl+F, kisha tafuta ##. Yote mawili yasipopatikana, toa PDF ya kukabidhi.