Namba nzuri ya potasiamu iliyotoka kwenye damu iliyopasuka

Ndugu zangu wauguzi, najua mmechoka kupigiwa simu kwamba sampuli imekataliwa. Na mimi nimechoka kuzipiga. Leo nianze na potasiamu, maana ndiyo inayotugombanisha kila wiki.

Chembe nyekundu imebeba potasiamu zaidi ya mara ishirini ya ile iliyomo kwenye maji ya damu yanayoizunguka. Sisi tunapima hayo maji. Chembe zikipasuka, potasiamu yao humwagikia humo, na mashine inaisoma yote.

Tulipata mgonjwa aliyeharisha siku kadhaa. Potasiamu yake ilisoma 4.3, na kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Lakini tyubu ilipotoka kwenye sentrifyuji, maji ya juu hayakuwa ya manjano hafifu, yalikuwa mekundu. Nikalizuia jibu. Muuguzi akanijia juu: namba si nzuri, unazuia nini? Sampuli ya pili, iliyochukuliwa kwa utulivu, ikasoma 2.7. Jibu la kwanza lingepita, nani angempa potasiamu? Na kwa kiwango hicho moyo unaweza kuvuruga mapigo wakati wowote.

Mtaniambia tutoe jibu, tuandike damu imepasuka, daktari apunguze mwenyewe. Apunguze ngapi? Hakuna ajuaye kwa hakika ni kiasi gani kilimwagika. Na kama chembe zinapasukia mwilini, kwa malaria kali au baada ya kuongezewa damu, sampuli ya pili nayo itakuja nyekundu. Hiyo hatuitupi, tunampigia daktari papo hapo.

Nilikuja wodini nikatazama. Sindano ni nyembamba, bomba linavutwa kwa nguvu hadi linatoa povu, kisha damu inasukumwa kwa kidole gumba kupitia sindano ileile, ikitoboa kifuniko cha tyubu. Chembe zinapasukia hapo! Vuta polepole. Tupa sindano kwenye boksi la usalama, fungua kifuniko, damu iteremke yenyewe ukutani mwa tyubu. Geuza taratibu, usitikise. Na spiriti iacheni ikauke kabla ya kuchoma.

Muda umekwisha, niseme haraka kuhusu tyubu ya bluu. Ile ya mililita 2.7 ina sitreti mililita 0.3, yaani damu tisa kwa sitreti moja. Ukiijaza nusu, sitreti inayobaki inaikamata kalsiamu tunayoongeza ili damu igande. Damu inachelewa kuganda, na daktari anaweza kumpunguzia mgonjwa warfarini bila sababu. Kuchanganya tyubu mbili za nusu hakusaidii, sitreti nayo inakuwa mara mbili.

Mkitumia sindano ya kipepeo, mpira wake una hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoingia kwanza kwenye tyubu. Tangulizeni tyubu moja ya kutupa, kisha ya bluu ijae hadi kwenye mstari.